Mkwaju Ulipotea Wapi?

Wachezaji wawili wa gofu wameandika 5 kwenye shimo lile lile. Shimo lina urefu wa yadi 420 na linatakiwa kumalizwa kwa mikwaju 4, kwa hiyo kila mmoja amezidisha mkwaju mmoja. Mchezaji wa kwanza alipiga draivu safi hadi kwenye feawei akabakiza yadi 160. Pigo lake la pili lilitua kwenye grini, futi 30 kutoka shimoni, kisha akaputi mara tatu. Mchezaji wa pili aliupeleka mpira kwenye nyasi ndefu akiwa bado yadi 200 kutoka kwenye bendera. Pigo lililofuata lilifia yadi 20 kabla ya shimo, tena kwenye nyasi ndefu. Akachota mpira hadi futi 15, akaputi mara mbili, akamaliza.

Kadi ya gofu haioni tofauti yoyote kati yao. Inaandika 5 na 5, na jioni wote wawili watasema kwamba mambo hayakwenda vizuri. Wakienda mazoezini kesho yake wakiwa na kadi hiyo tu, kila mmoja atafanyia mazoezi kile anachokipenda au kile kilichomuudhi zaidi. Ni sawa na mwenye duka anayejua mauzo ya siku nzima bila kujua ni bidhaa ipi inayomtia hasara.

Aliyeitafutia kadi hiyo macho ni Mark Broadie, profesa katika shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York. Fani yake ni hesabu za fedha, hasa namna ya kukadiria thamani ya kitu ambacho matokeo yake bado hayajajulikana. Gofu aliicheza kama mpenzi wa mchezo. Alichofanya ni kuuliza juu ya mpira swali lile lile analouliza juu ya mkataba wa fedha: ukiwa hapa ulipo sasa, una thamani gani?

Jibu lake lilihitaji takwimu nyingi, na kwa bahati zilikuwapo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano ya PGA ya Marekani yamekuwa yakipima karibu kila pigo kwa mfumo uitwao ShotLink: mpira umetoka wapi, umefika wapi, umelala kwenye feawei, nyasi ndefu, mchanga au grini. Kutokana na mamilioni ya mapigo hayo Broadie alipata wastani wa mikwaju ambayo mchezaji wa kulipwa huhitaji ili kumaliza shimo kutoka mahali popote. Mwaka 2011 mashindano hayo yalianza kutumia hesabu yake kwa puti. Mwaka 2014 Broadie alieleza utaratibu mzima katika kitabu chake, Every Shot Counts, na mwaka 2016 mashindano yakaanza kuchapisha hesabu ya sehemu nyingine zote za mchezo.

Kanuni yenyewe ni fupi. Chukua wastani wa mikwaju kutoka mahali mpira ulipokuwa. Toa wastani wa mikwaju kutoka mahali ulipofika. Kisha toa 1, kwa kuwa pigo lenyewe ni mkwaju. Kikibaki kitu juu ya sifuri, mchezaji ameokoa sehemu ya mkwaju ukimlinganisha na mchezaji wa kulipwa wa kawaida. Kikishuka chini ya sifuri, ameipoteza.

Sasa turudi kwa wale wawili. Kutoka kwenye tii ya shimo la yadi 420, mchezaji wa kulipwa huhitaji wastani wa mikwaju 4.02. Kutoka kwenye feawei yadi 160 huhitaji 2.98. Kwa hiyo draivu ya mchezaji wa kwanza ni 4.02 kutoa 2.98 kutoa 1, yaani ameokoa 0.04. Pigo lake la pili lilimfikisha futi 30, mahali ambapo wastani ni 1.98, kwa hiyo hakuokoa wala hakupoteza: ni sifuri kamili. Hadi hapo anacheza sawasawa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Puti ya kwanza ilisimama futi 5 kutoka shimoni, ambako wastani ni 1.23, na hapo akapoteza 0.25. Puti ya futi 5 aliikosa, mpira ukabaki ukingoni mwa shimo, na kosa hilo peke yake likamgharimu 0.77. Jumla yake ni kupoteza 0.98, na karibu yote imepotelea kwenye grini.

Mchezaji wa pili naye amepoteza 0.98, lakini hasara yake imekaa kwingine. Nyasi ndefu yadi 200 zina wastani wa 3.42, kwa hiyo draivu peke yake ilimpotezea 0.40. Pigo lililofia njiani lilimpotezea 0.17, kuchota mpira hadi futi 15 kukampotezea 0.19, na puti mbili kutoka futi hizo 15 zikampotezea 0.22. Hakuna pigo moja lililomwangusha. Amevuja kidogo kidogo, na tundu kubwa zaidi liko pale alipoanzia.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba kila pigo linabeba mzigo wake tu. Anayeputi kutoka futi 40 kwa sababu pigo la awali lilikuwa baya halaumiwi kwa umbali huo, maana hesabu yake inaanzia futi 40. Takwimu za zamani hazikuweza kutenda haki hiyo, na takwimu iliyodanganya watu wengi kuliko zote ni idadi ya puti kwa raundi. Mchezaji wa kulipwa hutumia puti zipatazo 29. Mchezaji wa klabu anayehesabu 35 hujiambia kwamba puti zinamlia mikwaju 6, akanunua fimbo mpya ya kuputi. Lakini mchezaji yule yule wa kulipwa, akianzia futi 33, huhitaji wastani wa puti 2 kamili. Mpe futi 33 kwenye mashimo yote 18, naye atatumia puti 36. Kwa upande mwingine, mtu anayekosa grini kila mara na kuchota mpira hadi futi 4 anaweza kumaliza na puti chache sana ilhali anaputi vibaya.

Mashindano ya PGA yanagawa raundi katika sehemu nne. Draivu ni mapigo ya kwanza kwenye mashimo ya mikwaju 4 na 5. Mapigo ya kuifikia grini ni yale yanayopigwa kutoka mbali, pamoja na mapigo ya kwanza kwenye mashimo ya mikwaju 3. Mchezo mfupi ni mapigo ya ndani ya yadi 30 kutoka ukingo wa grini, ukiondoa puti. Na puti ni zile zinazopigwa kwenye grini yenyewe. Hapa kuna mtego mmoja wa kuangalia: Broadie katika utafiti wake aliuweka mpaka wa mchezo mfupi kwenye yadi 100. Mtu akichukua asilimia za Broadie na kuzilinganisha na hesabu ya programu inayotumia yadi 30, atajiona ana tatizo ambalo hana. Jambo la kwanza la kuuliza kuhusu programu yoyote ya simu ni mpaka wake uko wapi.

Wengi wamezoea kusikia kwamba ushindi na kushindwa katika gofu huamuliwa kwenye grini. Takwimu hazikukubali. Broadie alipochunguza wachezaji 40 bora wa mashindano hayo kuanzia mwaka 2004 hadi 2012, aligundua kwamba karibu asilimia 40 ya ubora wao ulitokana na mapigo ya kuifikia grini, asilimia 28 draivu, asilimia 17 mchezo mfupi, na asilimia 15 tu puti. Tiger Woods, ambaye watu humkumbuka kwa puti zake za dakika za mwisho na ngumi hewani, katika miaka hiyo aliwazidi wenzake kwa mikwaju ipatayo 2.8 kila raundi. Karibu 1.3 kati ya hiyo ilitoka kwenye mapigo ya kuifikia grini. Puti zake zilikuwa nzuri sana kweli, ila kilichomtenga na dunia kilikuwa fimbo zake za chuma.

Kwa wachezaji wa ridhaa uwiano haubadiliki sana. Tofauti kati ya anayepiga 80 na anayepiga 90, kwa hesabu za Broadie, kwa takriban theluthi mbili inatoka kwenye mapigo ya mbali zaidi ya yadi 100. Theluthi moja inabaki kwa mchezo mfupi na puti pamoja.

Uwiano huo ndio chujio la kwanza. Bila chujio hili, hesabu inaweza kumpotosha mtu kwa namna mpya. Karibu kila mchezaji wa klabu akilinganishwa na mtu wa kulipwa ataona kwamba amepoteza zaidi kwenye mapigo ya kuifikia grini. Hilo halimwambii udhaifu wake. Linamwambia kwamba hachezi gofu kwa mshahara. Udhaifu ni pale anapopoteza zaidi kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa kiwango chake.

Tuchukue mfano wa raundi nzima. Mchezaji amepiga 88 kwenye uwanja ambao, ukijumlisha wastani wa tii zote 18, mtu wa kulipwa angehitaji 70. Amepoteza mikwaju 18. Alihesabu puti 35, na ameshaamua kwamba puti ndizo adui yake. Mapigo yake yote yakiingizwa kwenye hesabu, hasara inagawanyika hivi: draivu 5.1, mapigo ya kuifikia grini 7.4, mchezo mfupi 3.6, puti 1.9.

Puti, ambazo alitaka kuzifanyia mazoezi mwezi mzima, ndiyo sehemu yake bora kuliko zote. Kati ya ile mikwaju 6 aliyodhani zinamlia, 4 na ushee ilitokana na kuanzia mbali mno. Draivu na mapigo ya kuifikia grini kwa pamoja ni 12.5 kati ya 18, zaidi kidogo ya theluthi mbili. Kwa ujumla, basi, ni mchezaji wa kawaida wa kiwango chake, na mtu mvivu angeishia hapo akisema hakuna jipya. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu sehemu nne zinaonyesha chumba cha kuingia tu. Kilichomo ndani kinaonekana pigo kwa pigo.

Kwenye draivu alipiga mara 15. Moja ilitoka nje ya mipaka. Adhabu ya kosa hilo haina utata: anarudi palepale alipokuwa akiwa ameshatumia pigo moja na adhabu moja, kwa hiyo amepoteza mikwaju 2 kamili bila kusogea hata yadi. Nyingine, kwenye shimo la yadi 420, iliingia mitini yadi 200 kutoka kwenye bendera, mahali ambapo hata mtu wa kulipwa hulazimika kuutoa mpira kwanza na huhitaji wastani wa 3.87. Hiyo ilimgharimu 0.85. Draivu hizo mbili zimebeba 2.85 kati ya 5.1. Zile 13 zilizobaki zimepoteza wastani wa 0.17 kila moja, na kwa mtu anayepiga 88 huo ni uchezaji wa kuridhisha. Hana tatizo la urefu wala la mbinu nzima ya kuzungusha fimbo. Ana mashimo mawili ambayo anayachezea draiva wakati mpaka au miti iko karibu, na kwenye mashimo hayo fimbo fupi zaidi ingemwokolea zaidi ya mkwaju mmoja kwa raundi.

Mapigo ya kuifikia grini yanasimulia habari nyingine. Yako 25, na hakuna msiba hata mmoja kati yake. Hasara imesambaa, takriban 0.30 kwa kila pigo, na ukiangalia mipira ilipoangukia unaona mtindo: minane imefia kabla ya grini, ikiwa kwenye mstari wa bendera. Kwa hiyo anapiga upande sahihi, ila mpira haufiki. Pigo la yadi 160 kutoka kwenye feawei likifia yadi 20 kabla ya shimo kwenye nyasi ndefu, ambako wastani ni 2.59, limempotezea 0.61. Pigo hilo hilo likifika kwenye grini, hata kwa kuacha puti mbaya ya futi 40, limempotezea 0.08 tu. Tofauti ni zaidi ya nusu mkwaju, na sababu ni kwamba mchezaji huyu huchagua fimbo kwa kukumbuka pigo lake bora badala ya pigo lake la kawaida. Akichukua fimbo moja ndefu zaidi, si kila mpira utafika, na michache itapita nyuma. Lakini minne tu kati ya ile minane ikifika, amerudisha mikwaju 2.

Mchezo mfupi ulionekana mbaya kwa 3.6. Hata hivyo, ugawe kwa idadi ya mapigo kabla ya kuhukumu. Alichota mpira mara 12, kwa hiyo kila mara alipoteza 0.30. Mapigo yake mafupi ni mengi kwa sababu mipira yake haifiki kwenye grini. Akitibu kile cha kwanza, hiki cha pili kitapungua chenyewe kwa kuwa atapata nafasi chache za kupoteza. Wanaosoma jumla bila kugawa kwa idadi hukosea hapa mara nyingi, wakatumia wiki nzima mchangani kutibu dalili.

Ubora wa hesabu yote hii unategemea ubora wa kumbukumbu, na si kila kosa la kuandika lina uzito sawa. Mtu akiandika yadi 155 badala ya 150, matokeo hayatikisiki. Akiandika futi 33 badala ya 30 kwenye grini, amekosea kwa 0.02. Lakini akiandika futi 5 mahali palipokuwa na futi 8, wastani umeruka kutoka 1.23 hadi 1.50, na kosa moja la kukadiria kwa macho limehamisha zaidi ya robo ya mkwaju kutoka sehemu moja ya mchezo kwenda nyingine. Ndiyo maana puti fupi zipimwe kwa hatua au kwa urefu wa fimbo, na ziandikwe palepale kabla ya kuondoka kwenye grini. Anayesubiri hadi afike klabu ataandika umbali ambao nafsi yake inautaka: puti alizokosa zitakuwa ndefu kuliko zilivyokuwa. Vihisi vya kufunga kwenye fimbo vinasaidia kujua pigo lilipigwa wapi, ila kwenye futi chache za mwisho jicho la mchezaji bado linahitajika.

Raundi moja pia ni kidogo mno, hasa kwa puti. Puti moja ya futi 30 ikiingia inaokoa 0.98 mara moja, na mchezaji mbovu wa puti anaweza kuonekana hodari kwa siku nzima kwa sababu ya mpira mmoja. Draivu na mapigo ya kuifikia grini hutulia mapema zaidi. Kwa hiyo raundi ya mfano hapo juu inatosha kumwonyesha mchezaji kwamba mipira yake haifiki, kwa kuwa imetokea mara nane. Haitoshi kumhakikishia kwamba puti zake ni nzuri. Hilo lisubiri raundi kadhaa.

Mpaka mwingine wa hesabu hii unawahusu moja kwa moja wachezaji wa Afrika Mashariki. Wastani huu ulitokana na viwanja vya Marekani, ambavyo vingi haviko juu sana. Muthaiga na Karen, viwanja vya Nairobi ambako Kenya Open imechezwa tangu iingie kwenye ziara kuu ya Ulaya mwaka 2019, viko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700. Hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi. Yadi 420 za Nairobi ni fupi kuliko yadi 420 za Mombasa au Dar es Salaam, na programu haijui hilo. Mchezaji wa Nairobi atajiona ana draivu nzuri kuliko alizonazo, na akiteremka pwani atadhani ameugua. Kwenye mashindano ya kulipwa tatizo hili hurekebishwa kwa kumlinganisha kila mchezaji na wastani wa wenzake waliocheza raundi ile ile kwenye uwanja ule ule. Mchezaji wa klabu hana takwimu hizo za wenzake, lakini ana raundi zake mwenyewe. Ajilinganishe na raundi alizocheza kwenye uwanja mmoja, na asichanganye za bara na za pwani kwenye jedwali moja.

Yule aliyepiga 88 ana mambo mawili ya kufanya Jumamosi ijayo, na yote mawili hayahitaji hata ndoo moja ya mipira ya mazoezi. Kwenye mashimo yake mawili ya hatari, draiva ibaki kwenye mfuko. Na kila anapokuwa kati ya fimbo mbili kuelekea grini, achukue ile ndefu, kisha aandike mpira ulipoangukia.